Kumfuta Mtani

Ndani ya kompyuta yangu waliishi mende. Nilikuwa nawajua. Kila nilipoiwasha asubuhi na feni yake ikaanza kukoroma, walitoka kwenye matundu ya nyuma, wadogo wa rangi ya chai, wakashuka ukutani na kunisubiri nizime ili warudi. Panya naye aliwahi kulala humo nilipokuwa Kipatimu, na mkojo wake uliingia mahali ambapo sikuweza kupafikia na kitambaa. Sipiyu ikipata moto, harufu ilipanda. Wateja walidhani ni mimi.

Niliinunua kutoka ofisi moja iliyokuwa inatupa vitu vyake, na nikahama nayo. Imekaa Mtama, imekaa Lindi mjini, imepanda milima ya Matumbi juu ya gari la mahindi na kushuka nayo. Mimi ni mtu wa kuhama. Nikikaa mahali nikaanza kuzoea jina la muuza maji, najua muda wangu umekaribia. Wakati ninaousimulia nilikuwa nimepanga kibanda Nangurukuru, pale njia panda, ambako mabasi yanasimama na kila mtu anashuka kukojoa, kisha anapanda tena bila kujua amekojolea mji wa nani. Nyuma ya kibanda changu ndipo walipopenda zaidi.

Kazi yangu ilikuwa picha za pasipoti, fotokopi, barua za maombi ya kazi, na kufuta vitu kwenye picha. Hii ya mwisho ndiyo iliyonitambulisha. Kompyuta yenyewe ilikuwa na kumbukumbu ya giga moja tu, haikuweza kubeba hizi programu kubwa ambazo vijana wa mjini wanazitumia kwa kuiba. Nilitumia GIMP, ambayo ni ya bure, na ndani yake nilikuwa nimepachika kiongezi kinachoitwa Resynthesizer, nacho cha bure. Unazungushia kamba, ile ya kuchora kwa mausi, kitu usichokitaka, unaingia kwenye menyu ya vichujio, unachagua Heal Selection, yaani ponya palipozungushiwa, na unangoja. Kiongezi kinachungulia kilichopo pembeni ya ile kamba, kinaokota vipande vidogovidogo vya hapo, na kinavishona juu ya kitu mpaka kitu kinatoweka. Penye mchanga kinashona mchanga. Penye majani kinashona majani. Hakijui kitu kingine chochote zaidi ya kile kilicho jirani.

Kwenye mashine mpya ni suala la kupepesa macho. Kwangu ulikuwa unaweza kwenda kunywa chai, ukarudi, ukakuta mstari wa kijani unaoonyesha kazi ilipofika uko nusu.

Nilifuta chupa za bia kwenye picha za watu waliokuwa wanakwenda kuposa. Nilifuta wake wa kwanza. Nilimfuta mbwa aliyekuwa anajilamba mbele ya maharusi. Nilianza kazi ya picha zamani, enzi za filamu, chini ya mzee mmoja wa Lindi aliyekuwa na kalamu ya risasi iliyochongwa kama sindano, na yeye aliweza kuondoa chunusi tu. Ukimchukia mtu kwenye picha ulichukua mkasi ukamkata, na tundu lilibaki, na kila mgeni aliuliza hapa alikuwepo nani. Huwa naikumbuka ile mikasi. Ilikuwa na adabu fulani.

Siku moja dada mmoja alikuja saa za adhuhuri, jua likiwa kali na harufu ya nyuma ya kibanda ikiwa imeamka. Alikuwa mwanamke wa thelathini na kitu, amejifunga khanga mbili, ametoka Kikole. Alikaa kwenye benchi, akavuta pumzi, akajuta, akafunika pua kwa ncha ya khanga.

"Fundi, wewe ndiye unayetoa watu kwenye picha?"

"Ndiye mimi, dada. Karibu."

Alifungua fundo la khanga na kutoa memori kadi ndogo kama ukucha. Baba yake alikuwa amefariki. Walikuwa wanakaribia arobaini, kungekuwa na khitima nyumbani, na kaka yake mkubwa angekuja kutoka Dar es Salaam na watu wa ofisini kwake. Walitaka picha kubwa ya marehemu ndani ya fremu, iwekwe sebuleni. Na baba yao alikuwa mtu wa kukimbia kamera. Picha yake ya maana ilikuwa moja tu, iliyopigwa siku ya harusi ya huyu dada mwenyewe, na mpiga picha wa kukodi.

"Ipo kwenye kadi," alisema. "Lakini utaona mwenyewe. Mimi siwezi kuielezea."

Niliifungua. Ilichukua muda kujaa kwenye kioo, ikishuka kutoka juu kidogokidogo. Kwanza ukaonekana ukingo wa makuti. Ukafuata ukuta wa udongo wenye nyufa za kusimama. Ikaja kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, na chini yake uso wa mzee mwenye ndevu za mvi, mdomo wazi kabisa, macho yamefungwa, anacheka. Sijawahi kuona mtu anacheka hivyo kwenye picha. Alikuwa ameinama upande, kama mtu aliyepigwa na kicheko ubavuni.

Kisha akashuka mwenzake.

Mwenzake alikuwa mwanamume aliyevaa gauni la kike ndani nje, mishono ikiwa hadharani, uso amejipaka unga na majivu. Mkono mmoja ulikuwa umemkumbatia mzee shingoni, kiganja kimetua kifuani juu ya kanzu nyeupe. Mkono wa pili umeshika poti. Poti la mtoto la kujisaidia, la plastiki, la bluu. Ndani yake kulikuwa na kitu kizito cha kijani kinachoelekea kahawia, naye alikuwa anakila. Kilikuwa kimejaa mdomoni, kinavutika kama kamasi kutoka kidevuni mpaka kwenye bega la mzee. Uzi mrefu unaong'aa. Mpiga picha alikuwa na kamera nzuri. Niliona hata mapovu.

"Ni mlenda," dada alisema haraka. "Ule ni mlenda tu na unga wa muhogo. Na poti lilikuwa jipya, walilinunua gulioni."

"Mtani?"

"Mtani wa baba. Toka wakiwa watoto wanafanyiana hivyo."

Nimekulia kwenye mambo ya watani, nimeona wakilala kaburini wakigoma kutoka mpaka wapewe kuku, nimeona wakivaa nguo za marehemu na kumwigiza anavyokohoa. Najua kwamba hairuhusiwi kuwakasirikia. Lakini mlenda sijawahi kuuweza tangu utotoni, na kuuona ukitoka kwenye poti, umekuzwa kwenye kioo kizima huku mkojo wa panya ukipanda kutoka kwenye sipiyu, kulinifanya nigeuze uso nikameza mate mara kadhaa.

"Kaka anasema huyu mchafu atoke," dada alisema. "Anasema mabosi wake hawawezi kuja wakaiona hiyo. Na mimi pia, sikatai. Nataka baba awe msafi. Ndiyo picha pekee watakayomjua nayo wajukuu."

Alisema hilo neno la mwisho polepole. Nikamwambia aiache kadi, arudi kesho yake.

Picha nzima ilikuwa nzito mno kwa mashine yangu. Nilifanya kama kawaida: nikafunga kila kitu kingine, nikapunguza idadi ya hatua ambazo GIMP inazikumbuka kwa ajili ya kurudi nyuma, nikakata kipande kile tu chenye mtani na ukuta, nikakifanyia kazi peke yake, kwa nia ya kukirudisha baadaye mahali pake kama kiraka. Nilifungua kifuniko cha sipiyu nikaielekezea feni ya mezani. Mende mmoja akapeperuka akatua kwenye kibodi. Nilimponda kwa kitabu cha risiti na kufuta utumbo wake kwenye herufi M.

Nilikosea mwanzoni kwa uvivu. Nilimzungushia mtani kamba yote kwa mkupuo mmoja, na kivuli chake, maana ukiacha kivuli kinabaki kama doa la mafuta, kisha nikaamuru. Nikangoja. Mstari ulipokamilika na picha ikafunguka, ukuta ulikuwa umemmeza mtani, sawa, ila ulikuwa umeota sikio. Sikio la mzee, lenye nywele zake, limechomoza kwenye udongo pale palipokuwa na kifua cha mtani. Chini yake kilikuwepo kipande cha ndevu, na chini zaidi nusu ya kofia. Kiongezi kiliokota kila kilichokuwa jirani, na jirani wa karibu kuliko wote alikuwa mzee mwenyewe, amekumbatiwa. Ule ukuta ulifanana na kitu kilichozikwa vibaya.

Nikarudisha nyuma. Safari hii nilikwenda vipande vipande. Nilianza na vilivyo mbali na mzee: kiwiko, poti, gauni. Nikaelekeza kiongezi kiokote kutoka ubavuni tu, kushoto na kulia, maana kikiokota juu kitashusha makuti mpaka katikati ya ukuta. Nikapunguza upana wa eneo la kuchungulia ili kisifike kwenye kanzu. Poti lilitoweka vizuri. Nilifurahi kuliona likienda. Lilikwenda na udongo ukaja na ufa wake, na ufa ukaungana na ufa wa juu kana kwamba siku zote ulipita hapo. Kiganja cha kifuani kilikuwa rahisi, kimezungukwa na kanzu tupu, nyeupe juu ya nyeupe. Uzi wa mlenda begani niliufuta kwa furaha ambayo siwezi kuieleza. Mstari wa bega lenyewe nilimalizia kwa mkono, kwa kifaa cha kunakili, tone kwa tone, kwa sababu kiongezi kilikuwa kinalitafuna.

Umeme ulikatika mara moja na kipande kimoja kikapotea, nikakirudia. Hakikutoka sawa na cha kwanza. Kiongezi hiki hakishoni kitu kilekile mara mbili. Kilitoka kizuri zaidi.

Nilipomaliza, niliitazama kazi yangu na nikasikia fahari. Niseme hivyo, kwa sababu dada aliporudi nilimwita kwa sauti ya mtu anayeonyesha gari jipya.

Alisimama mbele ya kioo. Hakukaa.

"Ametoka," alisema.

"Katoka kabisa. Tafuta hata ukucha wake."

Alisogea karibu. Akarudi nyuma. Akainamisha kichwa upande, uleule alioinama mzee.

"Fundi, baba anacheka nini?"

Ndipo na mimi nilipoiona. Nilikuwa nimeshughulika na ukuta muda wote, uso wa mzee sikuugusa na kwa hiyo sikuutazama. Mzee alikuwa ameinama peke yake mbele ya ukuta mtupu, mdomo wazi mpaka magego yanaonekana, macho yamefumbwa, shingo imepinda kuelekea pasipo na mtu. Alifanana na mlevi anayesubiri kutapika. Alifanana na mtu aliyepatwa na kifafa akiwa amevaa kanzu ya harusi. Kila kitu kilikuwa safi, na alikuwa anatisha.

"Watu watasema alikuwa na ugonjwa wa akili," dada alisema.

Alimpigia kaka yake na kuweka sauti nje. Nilikuwa nimeshamtumia picha mapema kwa simu, kwa namba aliyoniachia dada, na kaka alikuwa ameiona.

"Safi kabisa!" kaka alisema. "Huyo fundi ni noma. Huwezi kujua kama alikuwepo yule takataka."

"Kaka, mtazame baba mdomo."

"Mdomo una nini?"

"Anacheka peke yake."

Honi za Dar es Salaam zilisikika nyuma yake. "Eeh. Nimeona. Kweli haipendezi. Fundi, unanisikia? Hapo unaweza kumfunga mdomo?"

Niliulizwa kitu cha kazi nikajibu kama mtu wa kazi. Ningeweza kusema hapana. Badala yake nilisema, "Tunaweza kujaribu."

"Jaribu basi. Awe ametulia tu. Kama mzee."

Dada alikata simu. Alikaa kwenye benchi, macho kwenye kioo. Nilikikuza kipande cha uso. Nilizungushia kamba mdomo wa mzee, nje kidogo ya midomo, nikipita juu ya masharubu na chini ya mdomo wa chini, na niliona kwa karibu meno yake yalivyokuwa: machache, marefu, yamepakwa njano na tumbaku, moja la mbele limevunjika. Ulimi wake ulikuwa unang'aa. Nikachagua Heal Selection. Nikabonyeza.

Nilijua nini kingetokea. Nimeeleza jinsi kinavyofanya kazi. Hakijui mdomo ni kitu gani, kinajua tu kilichopo pembeni. Lakini kujua na kuona ni mambo mawili. Mstari wa kijani ulikwenda taratibu. Feni ilipiga. Nyuma ya kibanda basi lilikuwa limesimama, wanaume walikuwa wanakojoa kwenye bati langu na mmoja alikuwa anaimba.

Picha ilifunguka.

Palipokuwa na mdomo paliota ndevu. Ndevu za mvi, nzuri, zimejipanga kutoka chini ya pua mpaka kidevuni bila tundu lolote, kama zimeshonwa. Mashavu yalikuwa bado yamepanda juu kwa kicheko, macho bado yamefumbwa, na mikunjo ya kando ya macho ilikuwa palepale, inacheka. Lakini hakukuwa na pa kutokea. Ngozi na manyoya tu. Mtu aliyezibwa.

Nimewahi kuosha maiti ya mtu aliyekaa majini. Niliweza. Hii sikuweza. Nikashika meza. Kilichonichefua hasa ni jinsi ilivyokuwa kazi nzuri. Hakikuonekana kiraka.

Dada alitoa sauti moja fupi, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Alisimama akaweka kiganja chake juu ya kioo, juu ya uso wa baba yake, akaufunika.

"Toa."

Nikabonyeza kurudi nyuma. Mashine ilikuwa imechoka, ikakwama. Kishale kiligeuka duara, kikazunguka. Yeye alikuwa bado ameufunika uso kwa kiganja, na mimi nabonyeza, na mzee asiye na mdomo yuko chini ya mkono wa mwanawe, hatoki.

"Toa, fundi, toa!"

"Inatoka, dada. Inakuja. Ni mashine tu."

Mwishowe nilichomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi. Alibaki amekishika.

Wakati huohuo mtu alikohoa mlangoni na kutema mate makubwa ya tumbaku, yaliyotua karibu kabisa na kiatu changu. Alikuwa mzee mwembamba, miguu imepinda, kifua wazi chini ya koti la suti lisilo na vifungo. Hakujipaka unga wala majivu, lakini kidevu nilikijua. Nilikuwa nimekifuta asubuhi yake.

"Shikamoo babu," dada alisema, bado amegeuka upande.

"Marahaba, mke wangu. Nimesikia huku kuna mganga anapoteza watu. Nimekuja kuangalia kama nimeshafika kuzimu au bado nipo njiani." Alinitazama kuanzia chini. "Ndiye huyu? Kichwa kama nazi iliyoharibika. Na kinanuka hapa! Mmemficha wapi aliyekufa?"

"Ni panya, mzee," nilisema.

"Panya mwenye koti au asiye na koti?"

Dada hakucheka. Alimwambia, kwa maneno ya kukatakata, kwamba ni kaka yake aliyetaka atolewe, kwa sababu ya wageni.

"Namjua kaka yako. Alinya kwenye mapaja yangu akiwa mdogo, sasa mimi ndiye mchafu." Alisema bila hasira hata kidogo, akijikuna kwapa, kisha akanusa vidole. "Haya, mmenitoa? Nionyesheni nilivyotoka."

"Imezimika," nilisema.

"Basi washa. Au unaniogopa?"

Niliwasha. Ilichukua muda wake. Wale mende walitoka, mtani akawasalimia. Mashine ilipoamka nilifungua ile ya asili, ya kwenye kadi, ambayo sikuigusa kamwe, maana hata mimi mvivu sifanyi kazi juu ya picha ya mtu bila nakala. Ikashuka tena taratibu: makuti, ukuta, kofia, kicheko, na yeye, na poti lake.

Dada aliitazama kwa muda mrefu. Uzi wa mlenda ulikuwa palepale. Nilijilazimisha kuutazama na mimi.

"Siku hiyo alikula kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Baba alimwambia, huwezi kula yote. Akala yote. Baba alikaa chini akashika tumbo, mimi nikadhani anakufa."

"Nilitapika siku mbili," mtani alisema. "Mama yako alikuwa amesahau chumvi."

Dada akatoa simu, akampigia kaka yake. Safari hii hakuweka sauti nje, tulimsikia yeye tu. "Hapana kaka... Hapana. Nimeona akifungwa mdomo, wewe hukuona... Nasema hukuona. Itakuwa ileile. Na poti... Na poti, ndiyo... Basi wageni wakae nje, uwanja upo." Alikata, akaipindua simu kwenye mapaja yake.

"Fundi, ichape kubwa. Kama ilivyo."

Nilimwuliza, kwa sababu ni kazi yangu kuuliza, kama nimfutie hata ule uzi wa begani tu, kwenye kanzu. Ni kitu kidogo, kanzu ingebaki nyeupe.

Alifikiri. Aliwaza kweli, kwa sababu naye alikuwa ameona kinyaa toka mwanzo, hakuacha kuona kinyaa ghafla kwa kuwa amefiwa.

"Uache," alisema. "Ukianza hapo hutajua pa kuishia."

Nilikwenda kwenye arobaini. Nilimpelekea fremu mwenyewe, kwenye bodaboda, nimeifunga kwa kitambaa nisiione njiani. Kaka mkubwa alikuwa mtu mnene mwenye kanzu ya pasi. Alinipa mkono vidole tu. Hakukubali picha iingie sebuleni. Ndugu walibishana uani kwa sauti za chini, huku mashekhe wakiwa wameshaanza kusoma, na mwisho dada aliitundika yeye mwenyewe barazani, kwenye msumari uliokuwa wa kutundikia ungo, mahali ambapo kila aliyekwenda kunawa mikono ilibidi apite mbele yake. Wageni wa kutoka mjini walipita, wakaangalia, wakaangalia pembeni. Mwanamke mmoja alirudisha sahani yake ya pilau bila kuigusa. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikaa nikiwa nimeipa mgongo.

Baada ya dua mtani alikuja, amevaa kikoi cha marehemu na kofia yake, anatembea kwa kuchechemea kama yeye. Wajukuu wakamkimbilia. Alisimama mbele ya fremu mikono nyuma, kama mkaguzi, uwanja mzima ukamgeukia, na kaka mkubwa akainamia viatu vyake.

"Picha nzuri," mtani alisema. "Mimi nimetoka vizuri sana. Tatizo ni huyu mmoja pembeni, kaiharibu. Amekufa, lakini bado anachungulia chakula changu. Yuko wapi yule fundi mwenye kichwa cha nazi? Njoo umfute huyu."

Lilikuwa neno baya, chafu, la kumsemea maiti mbele ya wanawe. Dada alikuwa ameshika beseni la maji ya kunawa. Aliliweka chini kwanza. Kisha akacheka, ameinama upande, mdomo wazi kabisa, mpaka wanawake wakamshika asianguke, na hapo katikati ya kicheko akaanza kulia, na hakuna aliyeweza kutenganisha kipi kilikuwa kipi.

Kaka mkubwa alitoka kwenda kwenye gari lake. Nilirudi Nangurukuru kabla ya kula. Nikawasha mashine, nikatafuta faili la mzee asiye na mdomo. Tangu umeme uliponikatikia nilikuwa nahifadhi kila hatua, hata ile. Lilifunguka likiwa na ndevu zake zote. Nikalifuta, na kapu la takataka la kompyuta nikalimwaga, kisha nikakaa mbele ya kioo kitupu huku mtu mwingine akikojoa nyuma ya bati.